Mbona Aliyekuja Nyuma Anaingia Mbele

Tangazo la kwanza sikuliandika mimi, na hilo nataka lieleweke mapema. Lilikuja limeshachapishwa, kubwa, karatasi ya kung'aa, Kiingereza juu na Kiswahili chini, na hicho Kiswahili Mungu ndiye ajuaye kilitoka wapi. Lilisema: "Wagonjwa watahudumiwa kulingana na kipaumbele baada ya kuainishwa." Basi. Likabandikwa katika ukumbi wa kungojea wa hospitali yetu ndogo ya upande wa Nyamira, na mimi nikawekwa chini yake, kwenye dawati la kupokea watu, nilitetee.

Nilitetee vipi? Neno kipaumbele watu wa huku wanalijua vizuri. Wamelisikia kwenye mbolea ya serikali, wamelisikia kwenye basari za watoto, na kila walipolisikia walirudi nyumbani mikono mitupu, jirani aliye na mtu wake ofisini akarudi na gunia. Sasa wanalikuta ukutani hospitalini. Mama mmoja mchuuzi wa ndizi alilisoma polepole, akanigeukia. "Afadhali nyinyi," akasema, "mnaiba na mnaandika."

Nilichukiwa, sitaki kupamba. Asubuhi nikifika watu wako mlangoni, wengine wametoka Kenyenya na Ogembo huko, wameamka na giza ili wawe wa kwanza. Kuwa wa kwanza ndiyo haki pekee wanayoiamini. Halafu mtu anafika saa tano, amebebwa, anapitishwa mbele yao wote. Wananitazama mimi. Sikuwa daktari wala nesi. Nilikuwa mdomo tu wa hospitali, na mdomo ndio unaotukanwa.

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Kila anayeingia anapita kwanza kwenye meza ya nesi. Nesi anamuuliza anaumwa nini, anampima mapigo, presha, joto la mwili, anahesabu anavyopumua, anaangalia kama anatembea mwenyewe na kama akili yake iko sawa. Kisha anampa kadi ya rangi. Nyekundu anaingia hapo hapo. Rangi ya machungwa anafuata, asikae zaidi ya dakika chache. Njano anaweza kungoja, ila si sana. Kijani anangoja hadi wale wengine wapungue, hata kama ni saa nne nzima. Ndani ya rangi moja, aliyekuja kwanza anaonwa kwanza. Hicho kipande cha mwisho ndicho watu walitaka kusikia, na ndicho tangazo halikusema.

Nilimwambia msimamizi wa hospitali. Mtu wa suti, mpole, mwoga wa kaunti. Akanijibu, "Wewe si Mswahili? Andika lako."

Waliniita Mswahili kwa sababu nililelewa Changamwe, baba yangu alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Ni Mkisii kwa damu, lakini nilikuja kuijua nchi yetu nilipoolewa. Siku ya kwanza kwa wakwe nilimnyooshea baba mkwe mkono nimsalimie, kama tulivyozoea kwetu. Mzee akautazama ule mkono kama nimempa nyoka. Ndiyo siku nilipofundishwa chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake: mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawaketi pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi, hata kwa mafumbo. Nilicheka usiku ule peke yangu. Baadaye niliacha kucheka.

Basi nikaandika langu. Tuligombana na msimamizi karibu kila mstari. Kwenye kijani alitaka niandike "hali nzuri". Nikamwambia, wewe thubutu! Mtu ana jino limemkesha, umwandikie hali nzuri, si atakupiga nalo? Nikaandika: "Kijani: unaumwa, na tutakuona, lakini mwili wako unaweza kungoja." Kwenye nyekundu nikaandika: "Huyu akingoja atakufa." Akaruka. Eti neno kufa haliandikwi kwenye ukuta wa hospitali. Nikamuuliza, kwani watu wanakuja hapa kufanya nini, harusi? Nilikuwa na hasira naye, maana yeye alikaa ofisini na mimi ndiye niliyekuwa nikitemewa maneno. Mwisho akakubali, akasema nikiulizwa nijibu mwenyewe. Nikaandika na kile kipande kilichosahaulika, kwamba ndani ya rangi moja aliyekuja kwanza anaonwa kwanza. Chini kabisa nikaongeza: "Ukizidiwa ukiwa umekaa, sema mara moja. Kadi inabadilishwa." Mwalimu mmoja mstaafu akatutafsiria yote kwa Kikisii, tukabandika karatasi mbili bega kwa bega.

Matusi yalipungua, hayakwisha. Sasa walinitukana wakijua sababu.

Jumatatu ninayoikumbuka ilikuwa baada ya mvua kubwa. Jumatatu hujaa sana kwetu. Wasabato hawaji Jumamosi, Wakatoliki hawaji Jumapili, na maumivu yote ya wiki yanangoja. Bodaboda mbili zikaingia moja nyuma ya nyingine. Ya mbele ilimbeba mzee mwenye buti za mpira na koti la suti juu ya sweta, mikono yake myeusi kwenye vidole kwa utomvu wa majani chai. Ya nyuma ilimbeba msichana, miaka ishirini na kitu, leso kiunoni, ameinama kidogo. Nikajua kabla hawajafungua mdomo. Bodaboda moja ingewatosha na ingekuwa nafuu. Huyo alikuwa mke wa mwanawe.

Kwenye meza ya nesi, mzee ndiye aliyesimama mbele. Msichana alikuwa nyuma yake, amemwachia nafasi ya mtu mzima mzima katikati. Nesi wetu alikuwa kijana mzuri, mchapakazi, lakini mgeni, ametoka Ukambani, na sauti yake inafika barabarani.

"Anaumwa nini?"

"Tumbo," mzee akajibu. "Tumbo tu. Tangu jana."

"Mama, uko na mimba? Mara ya mwisho kuona mwezi ni lini?"

Ukumbi mzima ulisikia. Mzee akageuka akaitazama dari. Msichana akatazama buti za mzee. "Hapana," akasema. "Ni tumbo tu."

Nesi akampima. Mapigo yalikuwa juu kidogo, presha haikuwa mbaya, joto hakuna. Tumbo linalouma, hana mimba, anatembea: njano. Kwa alichoambiwa, kadi ile ilikuwa sahihi, na sitakubali mtu amlaumu. Wakaenda kuketi. Mzee benchi la mbele, msichana la nyuma kabisa, karibu na ukuta.

Haukupita muda, mtoto akaletwa anatetemeka mwili mzima kwa degedege, macho yamepinduka. Nyekundu. Akapitishwa mbio. Mzee akavuta miguu awapishe, maana mtoto ni mtoto. Kisha akaletwa mwanamume aliyeanguka na pikipiki barabara ya Keroka, mguu umevunjika mfupa ukaonekana. Huyo akapata ya machungwa, akaingia. Alikuwa anaongea na simu akiingia, na hilo ndilo lililomwasha mzee.

"Hee! Wewe Mswahili!" Akasimama mbele ya dawati langu. "Huyu mtu anaongea na simu. Amekuja saa hii. Mimi nimekuja asubuhi. Hii ni nini?"

"Mzee, kadi yake ni ya machungwa. Yenu ni ya njano. Imeandikwa pale ukutani..."

"Wacha ukuta! Ukuta ni wewe umeandika! Andika ukweli, andika watu ya pesa mbele, sisi ya shamba nyuma!"

Nyuma yake watu wakaanza. Mwambie, baba, mwambie. Mama mmoja mwenye mtoto wa kikohozi na kadi ya kijani akapiga makofi. Mwanamume mmoja akasema huyu mama wa dawati ana kiburi cha Mombasa. Ningeweza kumjibu kwa upole, nilifundishwa kwenye semina. Sikumjibu kwa upole.

"Kama ni pesa, wewe mfuko wako umeona nikiugusa? Kelele hazibadilishi kadi. Kadi inabadilishwa na ugonjwa. Keti!"

Mzee, umri wa baba yangu, na mimi nimemwambia keti mbele za watu. Akanitazama hivi, kisha akaenda ukutani, akashika tangazo langu la Kiswahili kwa pembe na kulivuta. Likachanika kwa mlalo. Kipande cha juu kikabaki mkononi mwake, na cha chini, chenye ule mstari wa kadi inabadilishwa, kikabaki kikining'inia kwa gundi. Watu wakashangilia. Wallahi wakashangilia.

"Twende," akasema bila kumtazama msichana, akiiambia hewa kama mkwe anavyosema. "Twende Keroka, kuna mtu wa kemia huko, wa duka la dawa, anapiga sindano mara moja."

Msichana akainuka. Nilimwona akiinuka na nikasahau hasira. Hakusimama, alipanda ukuta kwa kiganja, kidogo kidogo, na midomo yake ilikuwa imepauka kuliko asubuhi. Jasho lilimtoka na hapakuwa na joto. Mkono mwingine haukuwa tumboni tena, alikuwa ameshika bega. Angepanda ile bodaboda, kwa zile barabara zetu za matope, na mimi ningebaki na tangazo langu.

Mzee hakuona. Hawezi kuona, hamtazami. Ndiyo adabu yake yote, kutomtazama.

Nikatoka nyuma ya dawati. Nilijua nikimuuliza msichana mbele yake atajibu tumbo tu, na atajibu hivyo hadi aanguke. Basi nikamgeukia mzee nikamtafutia kosa. "Umeharibu mali ya serikali," nikamwambia. "Huendi popote. Hiyo karatasi mkononi mwako, ipeleke kwa msimamizi, ofisi ya mwisho, ukamwambie mwenyewe kwa nini umeichana."

"Nitaenda! Unadhani naogopa? Nitamwambia na wewe atakufuta!"

Akaenda, buti zikipiga sakafu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa ndani ya ule ukumbi.

Nikachuchumaa mbele ya msichana, nikamwambia kwa Kikisii changu kibovu, taratibu, kwamba baba ameenda na hakuna anayesikia. Nikamuuliza mwezi. Akafunga macho.

"Sijaona miezi miwili," akasema. "Na jana nimetoka damu kidogo. Ningesemaje, naye amesimama pale?"

Sikungoja. Nilimwita nesi kwa jina lake, kwa sauti iliyomfanya aache peni. Akaja, nikamnong'oneza, akabadilika uso. Mimba na maumivu ya tumbo si njano, ni ya machungwa hata kabla hujapima kitu. Akampima tena pale pale. Mapigo yalikuwa yanakimbia na presha imeshuka. Hakumpa kadi ya machungwa. Alichukua nyekundu, akamwekea kifuani, tukamlaza kwenye kitanda cha magurudumu na kumsukuma, nesi upande mmoja, mimi upande mwingine, na watu wakiondoa miguu.

Ndani wakamwekea dripu mikono yote miwili, wakapima mkojo, daktari akamwangalia tumbo kwa mashine. Mimba ilikuwa imeshika kwenye mrija, si kwenye mji wa uzazi, na mrija umepasuka. Damu ilikuwa inamjaa tumboni kimyakimya tangu wakati anakaa kwenye benchi langu, na ndiyo iliyompandisha maumivu hadi begani. Akatia sahihi mwenyewe kukubali upasuaji, akapelekwa kupasuliwa. Kabla ya kuondoka alinishika kidole. "Usimwambie baba," akasema. Si kwa kuogopa kupigwa. Aliona aibu, kwa ajili yake na kwa ajili ya mzee pia.

Nikarudi ukumbini, na huko moto ulikuwa umewaka upya. Mzee alikuwa amerudi, amekuta benchi la nyuma tupu. Na wale wale waliomshangilia sasa walikuwa wamemzunguka.

"Kumbe!" mama wa mtoto wa kikohozi alikuwa anapiga kelele. "Kumbe ulikuwa unaenda ofisini kumaliza mambo! Umetoa ngapi? Mimi nimekuja kabla yako, mtoto wangu anakohoa hapa, na msichana wako ameingia!"

"Alikuwa anatupigia kelele za haki," mwanamume mwingine akasema. "Haki ya nyumbani kwake."

Mzee akanitazama. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na ugomvi machoni, kulikuwa na hofu tupu. "Ako wapi?"

Nikamsogelea, si karibu sana. "Tata," nikamwita, kama ningemwita baba kwetu, "anapasuliwa. Nesi amempima tena, amepewa nyekundu. Mwite mama wa nyumbani aje sasa hivi. Na mwanao apigiwe simu."

Hakuuliza ni nini. Nilimwona akijumlisha mwenyewe: mimi nimesema mama wa nyumbani, sikusema yeye. Alijua ni jambo la aina gani. Akatoa simu, akabonyeza, akasikia mkewe akipokea, kisha akanipa mimi ile simu na kunigeuzia mgongo ili asisikie nitakachosema. Nikamwambia yule mama njoo haraka, mke wa mwanao anakuhitaji, mengine atakwambia mwenyewe.

Lakini yule mama mwenye mtoto hakuwa amemaliza. Alimfuata mzee hadi ukutani. "Basi sema! Sema ana nini, tujue kama ni mgonjwa kutuzidi! Si una mdomo?"

Mzee akafungua mdomo. Nilikuwa karibu kumjibia, lakini ningejibu nini? Siri haikuwa yangu. Akaufunga. Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha kumkamata mwizi. Na yeye akasimama pale, koti lake la suti limelowa mabega, na nilimhurumia, mimi niliyekuwa nikimchukia muda si mrefu.

Alikuwa bado ameshika kile kipande cha tangazo. Hakumkuta msimamizi ofisini, kwa hiyo alirudi nacho. Akakikunjua kwa vile vidole vyeusi, akakibandika ukutani kwa kiganja, mahali alipokichana, akakishikilia hapo kwa sababu gundi ilikuwa imekufa. Kwa mkono mwingine akaweka kidole kwenye mstari mwekundu.

"Soma," akamwambia yule mama.

"Nisome nini?"

"Hapa. Soma na sauti. Mimi siwezi kusema. Karatasi inasema."

Yule mama akasoma. Alisoma Kiswahili cha shule, neno kwa neno: "Huyu. Akingoja. Atakufa." Akamtazama mzee, akamtazama mtoto wake, akahamisha mtoto begani. Hakuomba msamaha, na hakuna mwingine aliyeomba. Walirudi tu kwenye mabenchi, mmoja mmoja, na mzee akabaki ameishikilia ile karatasi, mkono juu. Nilipomletea gundi alikataa. Alisema yeye ameichana, yeye ataishika. Aliishika hadi mkewe alipofika.

Msichana alipona. Siku ya kuruhusiwa walikuja kumchukua, mama mkwe amemshika kiuno, na mzee mbele, hatua nyingi mbele, hageuki. Alipita kwenye dawati langu akasimama. Nikajiandaa, maana nilidhani ananiletea asante na mimi si mtu wa kuzipokea vizuri.

"Ile rangi yako ya machungwa," akasema, "na ile ya njano, zinafanana. Mtu mzee haoni tofauti. Rekebisha."

"Nitarekebisha, tata."

"Na chini, andika kitu ingine." Aliitazama dari, vile vile kama siku ile. "Andika kwamba kwa meza ya nesi, mgonjwa aende peke yake. Wazee wangoje nje."

"Niandike kwa nini?"

"Usiandike kwa nini," akasema, kwa ukali, akaondoka.

Niliandika, bila kwa nini. Msimamizi aliniuliza mstari huo nimeutoa wapi, nikamwambia kwa mtu mmoja aliyewahi kutuharibia tangazo. Mpaka leo uko pale, wa mwisho kabisa, na wazee wakiusoma hunung'unika, hunitukana kidogo, halafu hutoka nje.